Chunusi Zinazofuata Kalenda ya Hedhi

Chunusi za kabla ya hedhi ni zile zinazojitokeza au kuzidi katika siku saba hadi kumi kabla ya damu kuanza, kisha zikatulia damu ikishatoka siku mbili tatu. Hupenda kidevu, kandokando ya mdomo na mstari wa taya, na kwa baadhi ya wanawake hushuka mpaka shingoni. Nyingi si vile vidoto vyeusi vya puani bali ni vivimbe vilivyozama ndani ya ngozi, ambavyo huanza kuuma kabla havijaonekana kwenye kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wao hufichika. Kinachoonekana ni uvimbe wa rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, na ukishapona huacha baka jeusi ambalo huweza kukaa miezi kadhaa. Kwa wanawake wengi baka hilo ndilo linalosumbua kuliko chunusi yenyewe.

Jambo hili si dhana ya kwenye saluni. Mwaka 2004 daktari wa ngozi wa Marekani, Anne Lucky, alichapisha matokeo ya kuhesabu chunusi za usoni za wanawake katika vipindi tofauti vya mzunguko. Asilimia 63 kati yao walikuwa na chunusi nyingi zaidi zenye uvimbe kabla ya hedhi kuliko katika nusu ya kwanza ya mwezi. Maana yake pia ni kwamba wako wanawake wenye chunusi ambazo hazijali tarehe kabisa. Wao hawana haja ya kalenda, bali ya kutafuta chanzo kingine.

Ili kuelewa tarehe inaingiaje usoni, ni vizuri kuanza na tundu lenyewe la ngozi. Kila kinyweleo hutoka kwenye kishimo chembamba, na pembeni mwa kishimo hicho imeshikamana tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hiyo hupokea amri kutoka kwa homoni za kundi la androjeni, hasa testosteroni, ambayo wanawake wote wanayo kwa kiasi kidogo kutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Androjeni zikisikika zaidi, mafuta huongezeka. Wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya kishimo hunata pamoja badala ya kumwagika, na kizibo kidogo hutokea. Nyuma ya kizibo mafuta hujaa, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka humo, mwili huleta askari wake kupigana nao, na hapo ndipo uvimbe, maumivu na usaha hutokea.

Hatua hizi hazichukui muda sawa, na hapa ndipo kuna kiini cha jambo zima. Uvimbe huweza kuzuka kwa siku moja au mbili. Kizibo kilichoutangulia hujengeka kwa majuma, wakati mwingine hata manane, kikiwa kidogo kiasi kwamba jicho halikioni. Kwa hiyo chunusi inayoamka siku tano kabla ya hedhi haikuzaliwa juma hilo. Ilikuwa imelala chini ya ngozi tangu mzunguko uliopita au ule wa kabla yake, na juma la kabla ya hedhi limeiamsha tu. Anayeanza kupaka dawa siku anapoiona amechelewa kwa mwezi mzima au zaidi.

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu kutoka sawasawa, si siku ya tone la dalili. Kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na wa siku 28 unaotajwa vitabuni ni mfano tu. Katika siku za damu homoni mbili kubwa za kike, estrojeni na projesteroni, ziko chini zote. Damu ikikaribia kwisha, estrojeni huanza kupanda, na huendelea kupanda mpaka karibu na yai kutoka kwenye ovari. Hizi ndizo siku ambazo wanawake wengi husema uso umetulia: estrojeni ya kutosha huizuia testosteroni isiwe na sauti kubwa kwenye tezi za mafuta.

Yai likishatoka, projesteroni hupanda na kutawala karibu majuma mawili. Estrojeni hushuka, hupanda tena kidogo, kisha katika siku za mwisho zote mbili huanguka pamoja ikiwa mimba haikutunga. Testosteroni haianguki kwa kiasi hicho. Hivyo siku chache kabla ya hedhi mwanamke hana androjeni nyingi kuliko kawaida. Alichopoteza ni kile kilichokuwa kikizizuia. Ndiyo maana wengi wenye chunusi za namna hii wakipima homoni maabara hupata majibu ya kawaida kabisa, na wakaambiwa hawana tatizo huku uso unawauma. Tatizo lipo, ila halipo kwenye kiasi cha homoni. Lipo kwenye uwiano wake na kwenye tezi za ngozi zinazoitikia upesi kuliko za wenzao. Projesteroni nayo hulaumiwa sana, lakini ushahidi kwamba yenyewe peke yake huongeza mafuta ni dhaifu.

Kwa mwanamke anayetaka kutumia elimu hii, swali la kwanza ni namna ya kuhesabu. Wengi huhesabu mbele kutoka siku ya damu na kusema chunusi huja siku ya 21. Hesabu hiyo hukosea kila mzunguko unapobadilika urefu, kwa sababu sehemu inayorefuka na kufupika zaidi ni ile ya kabla ya yai kutoka. Sehemu ya baada ya yai kutoka hubadilika kidogo, na kwa wengi huwa karibu siku 14. Hivyo hesabu inayofaa ni ya kurudi nyuma: mtu akadirie siku ya hedhi ijayo kwa kuangalia mizunguko yake mitatu iliyopita, kisha arudi nyuma siku 14. Kuanzia hapo ndipo ngozi inaingia katika nusu yake ngumu. Kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hiyo ni siku ya 12 au 13, na kwa wa siku 33 ni karibu siku ya 19. Tofauti ya juma zima hiyo.

Swali la pili ni nini kibadilishwe, na jibu huwashangaza wengi: kidogo sana. Kwa kuwa vizibo hujengeka mwezi mzima, dawa ya kuvizuia nayo hutumika mwezi mzima bila kukatishwa. Dawa hiyo ni jamii ya retinoidi, na inayofaa kwa wengi ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Hupakwa usiku juu ya uso mkavu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, ikisambazwa badala ya kudonolewa juu ya chunusi zilizokwisha kutoka. Mwanzoni hupakwa mara mbili au tatu kwa juma, na baada ya majuma matatu au manne, ngozi ikizoea, kila usiku. Juu yake hufuata losheni nyepesi isiyo na manukato. Asubuhi ni kuosha uso kwa sabuni laini, losheni, na krimu ya kukinga jua, ambayo ina umuhimu wa pekee kwa sababu jua hukoleza mabaka meusi. Mwanamke mwenye mimba au anayetafuta mimba hatumii adapalini. Badala yake hutumia krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo huzuia vizibo kwa upole, hupunguza bakteria na pia hufifisha mabaka. Kwa ngozi nyeusi yenye mabaka mengi, asidi hii inastahili kufikiriwa hata pasipo mimba.

Huo ndio msingi, nao hausogei. Kinachosogea na kalenda ni kitu kimoja hasa, yaani dawa ya kutuliza bakteria na uvimbe, benzoili peroksaidi. Siku 14 kabla ya hedhi inayotarajiwa, jeli yake ya asilimia 2.5 huongezwa asubuhi, ikipakwa utando mwembamba kwenye eneo lote la kidevu na taya, pale chunusi zinapopenda kutoka, hata kama siku hiyo hakuna hata moja. Huendelea mpaka siku ya pili au ya tatu ya damu, kisha huwekwa pembeni. Kuchagua asilimia 10 kwa kudhani ni kali zaidi ni kosa la kawaida. Ile ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na hukausha na kuwasha kidogo zaidi, na kwa ngozi nyeusi mwasho wenyewe huacha baka. Tahadhari moja ya nyumbani: dawa hii hupausha nguo. Foronya, taulo, kola ya sare na ushungi unaogusa kidevu hupata madoa meupe yasiyofulika, kwa hiyo iachwe ikauke kabisa kabla ya kuvaa.

Siku za mwisho kabla ya damu na siku ya kwanza ya damu zina jambo lake. Homoni zikiwa chini, ngozi ya baadhi ya wanawake hupoteza maji haraka na kuchoma kwa vitu ambavyo juma lililopita havikusumbua. Hapo si wakati wa kujaribu dawa mpya, kusugua uso kwa chembechembe, au kunyoa na kung'oa nywele za usoni kwa nta. Adapalini ikichoma, hurukwa usiku mmoja au miwili na losheni huongezwa, kisha hurudiwa. Kuruka usiku mmoja hakuharibu kitu. Kuacha wiki nzima kila mwezi huharibu, maana robo ya mwaka inakuwa imepita bila dawa. Siku baada ya damu kwisha, estrojeni inapopanda, ndizo nzuri kwa vile vinavyohitaji ngozi yenye subira: kuongeza usiku mmoja zaidi wa adapalini, au kuanza asidi ya azelaiki kwa ajili ya mabaka.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye umri wa miaka 29, hupata vivimbe vitatu au vinne vya kidevuni kila mwezi. Mizunguko yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya siku 30, 32 na 31, na damu yake ya sasa imeanza Machi 3. Hedhi ijayo inatarajiwa karibu Aprili 3. Akirudi nyuma siku 14 anafika Machi 20. Siku zake za hatari, yaani saba hadi kumi kabla ya damu, zinaanza kati ya Machi 24 na 27. Adapalini anaianza Machi 8, damu ikiwa imekwisha na ngozi imetulia, usiku mbili kwa juma. Machi 20 anaongeza benzoili peroksaidi asubuhi kwenye kidevu na taya, na kwa kuwa ngozi bado haijazoea dawa mbili, anaipaka siku moja na kuruka moja kwa siku sita za kwanza.

Mwisho wa Machi anatokwa na vivimbe vinne, na viwili zaidi kwenye shavu ambako havikuwahi kuonekana. Hapa ndipo wengi hutupa dawa. Kilichotokea ni kwamba adapalini imeharakisha vizibo vilivyokuwa vimelala kutoka nje, na hali hiyo hupoa kwa majuma machache. Vivimbe hivyo vinne ni vile vilivyojengeka Januari na Februari, kabla dawa haijaanza; hakuna dawa ya kupaka ambayo ingevifuta kwa siku 23. Mwezi wa Aprili anapaka adapalini usiku mmoja baada ya mmoja, na mwishoni mwake anapata vivimbe vitatu. Mwishoni mwa Mei, akiwa na karibu majuma 12 ya dawa, anapata kimoja. Sasa anaweza kusema dawa inafanya kazi.

Angepima vipi vingine? Kosa linalowapoteza watu wengi zaidi ni kulinganisha juma baya na juma zuri. Anayeanza sabuni mpya siku tatu kabla ya hedhi ataona uso umesafika baada ya juma na kuisifia sabuni, ingawa uso ungesafika hata bila hiyo. Anayeanza dawa nzuri siku ya 12 ataona chunusi baada ya siku kumi na kusema dawa imemharibu. Biashara kubwa ya vipodozi huishi kwenye pengo hilo bila hata kudanganya, kwa kuwa kalenda ya mteja inafanya udanganyifu wenyewe. Njia ya kulikwepa ni rahisi. Vivimbe vinavyouma vihesabiwe mara moja kwa mwezi, siku mbili kabla ya damu au siku damu inapoanza, na idadi iandikwe kwenye daftari au kwenye simu kando ya tarehe. Mwisho wa mwezi ulinganishwe na mwisho wa mwezi, kwa mizunguko mitatu, ndipo hukumu itolewe.

Daftari hilohilo hufichua chunusi zisizo za hedhi. Vipele vidogo vya paji la uso karibu na nywele, visivyobadilika mwezi mzima, mara nyingi hutokana na mafuta mazito ya nywele yanayoshuka usoni, na huisha mafuta hayo yakibadilishwa. Vipele vingi vya ukubwa mmoja, vilivyotapakaa mashavuni na kifuani kwa wakati mmoja, huonekana kwa wanaotumia mkorogo au krimu za kung'arisha zenye steroidi. Krimu hizi zina hila ya kikatili. Steroidi huzima uvimbe kwa siku chache, hivyo mwenye chunusi za kabla ya hedhi huiona kama dawa yake na kuipaka kila mwezi, huku yenyewe ikiizoesha ngozi na kuzalisha chunusi zake. Akiiacha ghafla uso hulipuka, naye huirudia. Aliyefika hapo anahitaji daktari wa ngozi wa kumtoa taratibu, maana kuongeza benzoili peroksaidi juu ya ngozi iliyokonda kutamuunguza.

Kwa kivimbe ambacho kimeshaamka, kukikamua ndiyo njia ya hakika ya kupata kovu, kwa kuwa usaha wake uko chini mno na kidole huusukuma ndani zaidi. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika tano hivi mara mbili kwa siku, hupunguza maumivu na uvimbe. Dawa ya mswaki na limau huunguza ngozi ya juu bila kukifikia kivimbe, na baka linalobaki huwa kubwa kuliko lile ambalo chunusi ingeliacha yenyewe.

Njia ya uzazi wa mpango hubadilisha hesabu hii yote. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huzuia yai kutoka na huliamsha ini litengeneze kwa wingi protini inayoikamata testosteroni ndani ya damu, kwa hiyo kwa wanawake wengi hupunguza chunusi baada ya miezi mitatu hivi. Sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi na kitanzi chenye homoni vina projestini pekee, na kwa baadhi ya watumiaji huleta chunusi au huzizidisha. Kwa kuwa sindano na kijiti vinatumika sana Afrika Mashariki, mwanamke ambaye chunusi zake zilianza miezi michache baada ya kuwekewa njia hizo ana sababu ya kumweleza muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango. Asiiache njia hiyo kabla ya kupata nyingine. Vidonge vyenye estrojeni navyo si vya kila mtu: havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa, mwenye kipandauso chenye kuona miale, wala mvutaji wa sigara aliyefikisha miaka 35.

Kuna pia kalenda ambayo yenyewe ndiyo dalili. Mwanamke mtu mzima ambaye hedhi zake hupishana kwa zaidi ya siku 35, au huzipata chini ya mara nane kwa mwaka, na ana chunusi nzito za taya pamoja na ndevu za kidevuni au nywele zinazopungua utosini, huenda ana tatizo la ovari zenye vifuko vingi. Huyu yai lake mara nyingi halitoki kwa wakati, androjeni zake zinaweza kuwa juu kweli, na kuhesabu siku 14 kurudi nyuma hakumsaidii kwa kuwa hajui hedhi ijayo ni lini. Kipimo cha damu na picha ya ovari kwa daktari wa wanawake hutangulia dawa ya kupaka. Kwake yeye, na kwa yule mwenye mzunguko ulionyooka ambaye miezi mitatu ya adapalini na benzoili peroksaidi haikupunguza idadi daftarini, daktari anaweza kuandika spironolaktoni, kidonge kinachozuia androjeni zisisikike kwenye tezi za mafuta. Huanza kwa miligramu 25 au 50 kwa siku, hupandishwa taratibu, na matokeo yake huonekana kuanzia mwezi wa tatu. Haitumiki wakati wa mimba kwa sababu inaweza kuathiri ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni, hivyo hutolewa pamoja na njia thabiti ya kuzuia mimba.